Sufuria ya Jumamosi: Jinsi ya Kutunza Wali na Maharage ya Juma Zima



Mimi ni mwalimu, na mke wangu ni mwalimu pia. Siku za kazi sote wawili twatoka nyumbani alfajiri na kurudi jioni tumechoka, nao watoto wana njaa. Kwa hiyo, kama wafanyavyo watu wengi, tulianza kupika kwa wingi siku ya Jumamosi: sufuria moja ya wali na sufuria moja ya maharage, ili siku nyingine iwe ni kupasha moto tu. Mkaa ulipungua, na nafasi ya kusahihisha daftari za wanafunzi ikapatikana. Tuliona tumefanya hekima. Lakini Jumapili moja tulifundishwa jambo ambalo hatukulijua, na ndilo nitakalo kuwaeleza.

Jumamosi ile mke wangu alipika kilo 2 za mchele katika sufuria kubwa. Wali ulipoiva jioni, aliufunika vizuri akauacha jikoni usiku kucha upate kupoa, kwa maana aliona si vema kutia kitu cha moto katika friji. Asubuhi ulikuwa bado vuguvugu katikati. Mchana akaupasha moto sana mpaka ukafuka mvuke. Haukunuka, haukuteleza, wala hapana hata mmoja wetu aliyeuonea shaka. Haikupita saa moja na nusu baada ya kula, mtoto wetu wa pili akaanza kutapika. Kisha mimi, kisha dada yake. Mama yangu mzee, ambaye siku hiyo alikula ndizi tu, ndiye aliyetuuguza sote.

Tulipompeleka mtoto zahanati, tabibu aliuliza, "Mmekula nini, na kilipikwa lini?"

Mke wangu akajibu, "Wali wa jana, Bwana Tabibu. Lakini niliupasha moto mpaka ukafuka mvuke."

Tabibu akasema, "Nasadiki, mama. Lakini moto wa leo mchana hauwezi kuondoa yaliyofanyika usiku wa jana."

Maneno hayo tuliyachukua mpaka nyumbani, na baadaye tabibu alitueleza maana yake kwa taratibu. Mtoto alipona siku ya pili yake.

MBEGU ISIYOKUFA KWA KUCHEMSHWA

Katika udongo wa mashamba yote kuna vidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo wenye elimu huviita Basilasi sereusi. Kwa kuwa mpunga hutoka katika udongo, vidudu hivi huja navyo katika mchele, wala kuosha mchele hakuwezi kuviondoa vyote. Vinapokosa maji au chakula, hujifungia ndani ya ganda gumu, mfano wa mbegu iliyolala ghalani. Mbegu hiyo yaweza kustahimili kuchemshwa. Vidudu vingine vingi katika sufuria hufa, lakini mbegu hii hubaki imelala ndani ya wali uliokwisha kuiva.

Madamu wali ni wa moto sana, zaidi ya nyuzi 60 za joto, mbegu haiwezi kukua. Na wali ukiwa baridi kama ndani ya friji, chini ya nyuzi 5, huendelea kulala. Hatari imo katikati. Wali unapokuwa na uvuguvugu, mbegu huamka, huchipuka, na vidudu huzaana kwa wingi bila mshindani, maana wengi wa wenzao walikufa motoni. Tena baadhi yao hutoa sumu wanapozaana ndani ya wali.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Kidudu chenyewe hufa ukikipasha moto, lakini sumu aliyokwisha kuitoa haifi, kwa sababu haina uhai. Wenye elimu wameipima wakaona yastahimili hata moto wa nyuzi 121 kwa muda mrefu, na maji yetu yachemkapo hayapiti nyuzi 100. Basi hakuna jiko wala sufuria nyumbani iwezayo kuiondoa. Sumu hiyo haina harufu wala ladha. Ndiyo maana wali wetu ulikuwa mzuri machoni na kinywani, nao ukatuumiza.

Jambo hili halikugunduliwa kwetu. Tangu mwaka 1971, huko Uingereza, watu wengi walishikwa na kutapika baada ya kula wali wa kukaangwa katika mikahawa ya Kichina. Wapishi walikuwa wakichemsha wali mwingi jioni na kuuacha nje ya friji usiku kucha, kwa kuwa wali wa baridi sana hushikamana na kuwa mabonge. Kesho yake waliukaanga upesi kwa mafuta ya moto na kuwapa wageni. Moto ule haukuwafaa kitu.

Wala si wali peke yake. Mwaka 2008, huko Brusseli nchini Ubelgiji, mwanafunzi mmoja wa miaka 20 alipasha moto tambi zilizopikwa siku 5 kabla yake, nazo zilikuwa zimeachwa jikoni bila friji. Nusu saa baadaye kichwa na tumbo vilimwuma, akatapika saa nyingi, akalala. Asubuhi wazazi wake walimkuta amekufa. Waganga waliochunguza waliona ini lake limeharibika, na sumu hii hii ikaonekana katika zile tambi. Mambo ya namna hiyo ni haba sana. Wengi hutapika na kupona kama tulivyopona sisi. Lakini yafaa kujua kwamba yaweza kufika hapo.

KWA NINI KIPORO CHA BIBI HAKIKUDHURU

Mama yangu alipoyasikia haya alinung'unika. "Mimi nimekula kiporo tangu utoto," alisema, "na wewe nimekulea kwa kiporo. Leo mwaniambia wali uliolala ni sumu? Na kutupa chakula je, watoto wa watu wana njaa?"

Neno lake si la kupuuzwa. Nilimjibu kwa heshima hivi: "Mama, kiporo chako kilikuwa konzi mbili za wali zilizobaki chini ya sufuria, au sahani moja chini ya kawa. Kitu kidogo hupoa upesi. Nasi twapika sufuria nzima kwa makusudi ilale, na sufuria nzima haipoi." Hata kiporo kidogo hakikosi hatari, lakini tofauti hii ya wingi ndiyo kubwa. Anayepika kwa juma zima asijipime kwa sahani ya bibi.

Upoaji wa wali una kanuni yake. Joto la katikati hutoka polepole, likipenya punje kwa punje mpaka nje. Ukiongeza unene wa wali mara 2, muda wa kupoa katikati hauongezeki mara 2 tu, bali karibu mara 4. Wali wenye unene wa sentimeta 3 katika sinia hupoa upesi. Wali wa unene wa sentimeta 12 katika sufuria huhitaji muda wa karibu mara 16. Tena mfuniko huzuia mvuke usitoke, nao mvuke ndio unaochukua joto. Basi sufuria iliyojaa na kufunikwa ni kitanda chema cha kuotesha mbegu ile.

KAZI YETU YA JUMAMOSI SASA

Tangu siku ile hatukuacha kupika kwa wingi, bali tuligeuza taratibu. Nitaieleza kama tuifanyavyo.

Twaanza na maharage, kwa kuwa huchukua muda. Kilo 1 huchaguliwa na kulowekwa tangu Ijumaa usiku, na maji yale humwagwa. Maharage hutiwa maji mapya na kuchemshwa kwa nguvu mpaka yaive kabisa. Hatuyaungi siku hiyo. Hatutii tui la nazi, wala nyanya, wala vitunguu. Hutiwa chumvi kidogo tu. Tui huchacha upesi, tena maharage chapwa yaweza kuungwa kila siku kwa namna nyingine, watoto wasichoke. Jumatatu huwa ya nazi, na siku nyingine huwa ya nyanya na karoti.

Mchele ni kilo 1 sasa, si 2, nao hupikwa mwisho, ili uivapo tuwe tayari kuushughulikia. Mara uivapo, chakula cha jioni hupakuliwa kwanza. Uliobaki haungoji. Mke wangu huumimina wote katika masinia mawili mapana yaliyooshwa kwa maji ya moto, akautandaza kwa mwiko mpaka unene wake usizidi sentimeta 3. Twauweka penye upepo, mbali na vumbi, umefunikwa kwa chandarua tu, ili nzi wasiuguse na mvuke upate kutoka. Mtoto mmoja hupewa kazi ya kuugeuza mara kwa mara kwa mwiko safi, mikono haiingii. Kwa kawaida katika nusu saa hauchomi tena mkono. Hapo hutiwa katika vibakuli vidogo, kila kimoja kwa mlo mmoja, na kuingizwa katika friji. Sheria yetu ni kwamba kutoka motoni mpaka ndani ya friji isipite saa 1.

Maharage hayatandazwi katika sinia kwa sababu ya mchuzi wake, basi yana njia nyingine. Twayagawa katika vyombo vya lita 1 au pungufu, na vyombo hivyo twaviweka ndani ya beseni la maji baridi, maji yasifike ukingoni. Twakoroga. Maji ya beseni yakipata moto, twayamwaga na kutia mengine. Mara 2 au 3 hutosha. Maharage yamepewa saa 2 mpaka yaingie katika friji.

Msomaji aweza kuuliza, mbona maharage nayo yaharakishwe, na hatari ni ya mchele? Jibu ni kwamba maharage na nyama vina kidudu chao kingine, nacho pia hujificha katika mbegu isiyokufa kwa kuchemshwa. Hiki hupenda chungu kikubwa kinachopoa polepole, chenye mchuzi mzito. Penye joto la nyuzi 43 hivi, huzaana mara dufu kwa muda wa dakika 10 tu. Aliyemla kwa wingi huumwa tumbo na kuharisha baada ya saa 8 hivi au zaidi. Tofauti yake na kile cha wali ni kwamba kupasha moto kabisa huwaua hawa kabla hawajaingia tumboni. Kwa hiyo katika maharage moto wa pili una msaada wake. Katika wali ulioharibika hauna msaada.

Na ile hofu ya kutia kitu cha moto katika friji? Sufuria nzima ya moto haifai kweli, maana hupasha moto vyakula vingine vilivyomo. Lakini kibakuli kidogo chenye uvuguvugu hakidhuru. Usivibane vibakuli, acha nafasi baridi ipite kati yao, na mfuniko uwe wazi kidogo mpaka chakula kipoe kabisa.

SIKU NGAPI?

Waingereza hufundisha kwamba wali uliowekwa katika friji uliwe ndani ya siku 1. Waamerika huruhusu vyakula vilivyopikwa kukaa siku 3 mpaka 4. Sisi twafuata neno lililo kali kwa wali, na lile la pili kwa maharage. Wali wa Jumamosi jioni huliwa Jumapili. Maharage huliwa mpaka Jumanne. Yote ya siku zilizobaki, wali na maharage, huingizwa katika sehemu ya barafu siku ile ile ya Jumamosi yakiisha kupoa, na huko vidudu haviwezi kukua hata kidogo. Kila kibakuli hubandikwa karatasi yenye tarehe, kwa maana mwenye kutegemea kumbukumbu hukosea.

Umeme ukikatika, usifungue friji kuchungulia. Friji iliyofungwa hushika baridi kwa muda wa saa 4 hivi. Sehemu ya barafu iliyojaa, ikiwa ya kusimama peke yake na imefungwa, hushika karibu siku 2. Iliyojaa nusu, siku 1. Umeme ukikosekana zaidi ya saa 4, wali na maharage yaliyo katika friji tu, yasiyoganda, hatuyali.

KUPASHA MOTO

Twatoa kibakuli cha mlo ule tu, wala hatupashi moto chote na kurudisha mabaki. Chakula hupashwa moto mara 1. Kilichobaki mezani hakirudi katika friji.

Wali hunyunyiziwa maji vijiko 2 au 3, hufunikwa, na kugeuzwa mara kwa mara, mpaka ule wa katikati kabisa ufuke mvuke na usiweze kushikwa kwa kidole. Mwenye kipimo cha joto na atafute nyuzi 74. Wali ulioganda huweza kwenda motoni moja kwa moja kutoka katika barafu, wala usiachwe mezani kutwa nzima uyeyuke. Maharage huongezwa maji kidogo na kuchemshwa mpaka yatokote pande zote, siyo ukingoni tu, ndipo huungwa. Mwenye jiko la maikrowevu akumbuke kwamba hupasha pembeni na kuacha baridi katikati. Hana budi kukoroga na kurudia.

Kumwagia mchuzi wa moto juu ya wali baridi si kupasha moto. Ni kuurudisha wali katika uvuguvugu.

ASIYE NA FRIJI

Nyumba nyingi hazina friji, na sitaki kuwaficha ukweli: wali hauna njia ya kulala salama bila baridi. Pika wa mlo ule. Kazi iwezayo kufanywa Jumamosi ni kuchagua mchele na maharage ya juma zima na kuyagawa katika vifuko vya kila siku yakiwa makavu, kisha kila usiku kuloweka ya kesho. Hivyo muda mwingi huokolewa, na hatari haimo.

Wengi huchemsha sufuria ya maharage asubuhi na jioni ili yasichache. Desturi hii huua vidudu vinavyoleta uchachu, lakini mbegu ile hubaki hai kila mara, na kati ya kuchemsha na kuchemsha kuna saa nyingi za uvuguvugu. Maharage hayachachi, nawe wadhani ni salama, kumbe alama uliyoitegemea ndiyo uliyoiondoa. Kama ni lazima chakula kingoje kutoka asubuhi mpaka mchana, kitie kikiwa kinatokota katika chupa pana ya kutunza joto iliyosuuzwa kwa maji ya moto, uijaze, uifunge. Ukiifungua na chakula bado kichome ulimi, kile. Kikiwa vuguvugu, usikile.

AKISHIKWA MTU

Kutapika kwa wali huanza upesi, tangu nusu saa mpaka saa 6 baada ya kula, na mara nyingi hukoma ndani ya siku 1. Mpe mgonjwa maji kidogo kidogo, mara kwa mara. Asiye na dawa ya kuongeza maji mwilini achanganye lita 1 ya maji safi na vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Lakini mtoto asiyeweza kushika maji tumboni, au mtu aliyelegea na kusinzia ovyo, au ambaye macho yake yamekuwa ya manjano, apelekwe hospitali mara moja. Na aliyempeleka aseme ni chakula gani kilicholiwa na kilikaa wapi.

Yamebaki maneno ya mama yangu juu ya kutupa chakula. Yalituchoma, nasi tumeyashika kwa njia hii: twapima mchele kabla ya kupika. Tulikuwa tukipika kilo 2 kwa sababu sufuria ilikuwa kubwa. Sasa twapika kilo 1 kwa sababu watu ni 6 na tumehesabu milo. Tangu hapo tumetupa wali mara 1 tu, umeme ulipokatika usiku kucha. Mama mwenyewe ndiye aliyeuchukua na kuufukia shimoni nyuma ya jiko, kuku na mbwa wasiufikie. Aliporudi alinawa mikono, akaniambia, "Haya, mwanangu, lete mchele tuuchague. Leo tutakula mlo mmoja."